Ahadi ni ahadi, fedha ni fedha: jinsi ya kupanga kaye ya michango

Swali: Jambo Papa. Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi hapa Katuba, Lubumbashi. Jumapili tulifanya sherehe ya kuchangisha fedha za kupaua madarasa mawili. Majina yote niliyaandika kwa mkono kwenye kaye, na kando ya kila jina kiasi kilichotangazwa. Nilipojumlisha, hesabu ikawa kubwa kuliko fedha zilizomo kwenye kasha. Wengine walitoa palepale, wengine waliahidi, wengine walitoa nusu, na kuna dola na franka pamoja. Sasa watu wanamwangalia mtunza fedha kwa jicho baya. Nipange vipi orodha hii, na kila upande niujumlishe vipi?

Jibu: Mama katibu, kabla ya yote waambie wanakamati kwamba mpaka sasa hakuna dalili ya wizi. Safu yako moja ilikuwa inabeba vitu viwili: maneno ya watu na noti za watu. Jumla yake haiwezi kulingana na kasha hata kama mtunza fedha hajagusa hata noti moja. Kwa hiyo hesabu hiyo isimshitaki mtu, wala isimwondolee mtu shaka. Haisemi kitu bado.

Chukua kaye ya miraba, ile ya hesabu, kwa sababu miraba inashikilia tarakimu ziwe chini ya mwenzake. Fungua kurasa mbili zinazotazamana uzitumie kama ukurasa mmoja mpana. Kushoto kabisa weka namba ya mstari, kisha mchangiaji. Halafu piga safu tatu kubwa: Ahadi, Imelipwa, Baki. Kila moja igawe mara mbili, upande wa dola na upande wa franka. Dola na franka zisikutane popote kwenye orodha. Ukigeuza dola kuwa franka kila mstari, kila mmoja atakuja na bei yake ya kubadilisha, na ukurasa hautakubali tena kuhakikiwa.

Ukurasa mdogo wa mfano uwe hivi:

| Na. | Mchangiaji | Ahadi dola | Ahadi franka | Imelipwa dola | Imelipwa franka | Baki dola | Baki franka |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Familia ya jirani | 50 | – | 20 | – | 30 | – |
| 2 | Mwalimu | – | 30,000 | – | 30,000 | – | – |
| 3 | Muuza makala | – | 20,000 | – | 5,000 | – | 15,000 |
| 4 | Fundi magari | 20 | – | – | – | 20 | – |
| 5 | Kwaya | 10 | 40,000 | – | 40,000 | 10 | – |
| 6 | Mgeni | 5 | – | 5 | – | – | – |
| 7 | Mama wa genge | – | 15,000 | – | – | – | 15,000 |
| | Jumla | 85 | 105,000 | 25 | 75,000 | 60 | 30,000 |

Kwako weka jina kamili na namba ya simu pale nilipoweka kazi ya mtu. Mahali pasipo na kiasi piga kistari, usiache wazi, maana nafasi wazi inaweza kujazwa na mkono mwingine kesho.

Tazama mstari wa 2 na wa 6. Mwalimu hakuahidi chochote. Alisimama, akatoa franka 30,000 mkononi, akarudi kukaa. Mgeni naye vilevile na dola zake 5. Hata hivyo nimewaandika pande zote mbili, kwenye Ahadi na kwenye Imelipwa. Makatibu wengi wanakataa hapa. Wanasema: huyu hakuahidi, nitamwandikaje kwenye ahadi? Wanamwandika upande wa malipo peke yake, na kaye inaanza kusema uongo bila mtu yeyote kukusudia.

Jaribu uone. Futa zile 30,000 za mwalimu kwenye safu ya ahadi. Ahadi za franka zinabaki 75,000. Zilizolipwa ni 75,000. Ukitoa moja kwa nyingine unapata sifuri, na mwenyekiti atasimama mbele ya watu aseme kwamba upande wa franka hakuna anayedaiwa. Lakini muuza makala bado ana 15,000 na mama wa genge ana 15,000. Fedha ya mwalimu imefunika madeni yao. Upande wa dola nako ukimwondoa mgeni, utapata baki ya 55 wakati madeni halisi ni 60.

Kwa hiyo shika hivi: anayetoa palepale ameahidi na kulipa kwa wakati mmoja. Muandike pande zote mbili. Beseni linalozungushwa wakati watu wanacheza, nalo pia lina mstari wake: likihesabiwa, jumla yake iandikwe kwenye Ahadi na kwenye Imelipwa, na jina ni «Beseni» tu. Ukifanya hivyo, ahadi ukiondoa malipo itatoa baki kwenye kila mstari, na itatoa baki pia chini ya ukurasa. Hapo ndipo unapopata uhakiki wako. Safu ya Baki ijumlishe yenyewe, mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, kisha pembeni toa jumla ya malipo kwenye jumla ya ahadi. Hapa 85 ukitoa 25 ni 60, na ile safu yenyewe 30, 20 na 10 ni 60. Franka 105,000 ukitoa 75,000 ni 30,000, na safu inatoa 30,000. Njia mbili zikifika mahali pamoja, ukurasa umesimama. Zisipofika, usigeuze ukurasa kwenda mbele. Tafuta kosa kwanza.

Uhakiki huo unapima hesabu yako tu. Kasha linapimwa kwa kulihesabu. Watu wawili wahesabu noti, dola peke yake na franka peke yake, na matokeo yalinganishwe na jumla za Imelipwa tu. Ahadi haina kazi yoyote mbele ya kasha. Kwenye mfano wetu kasha linatakiwa liwe na dola 25 na franka 75,000.

Sasa tuseme dola ziko sawa lakini franka zimehesabiwa zikawa 48,000. Zinapungua 27,000. Kabla ya kumtazama mtu usoni, gawa pungufu hilo kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, mara nyingi kosa ni la kalamu: sifuri imeongezwa au imesahauliwa, au tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Kiasi kilichoongezewa sifuri moja kinazidi kwa mara tisa ya kiasi chenyewe. Aliyetoa 3,000 akaandikwa 30,000 anazua pungufu la 27,000 kamili. Aliyetoa 45,000 akaandikwa 54,000 anazua 9,000. Kwa hiyo unarudi kwenye orodha kutafuta 30,000, na kwenye ukurasa huu iko moja tu: mstari wa 2. Nenda ukamuulize mwalimu alitoa noti gani.

Dawa hii ina mpaka wake. Pungufu linaweza kugawanyika kwa 9 kwa bahati tu, hata kama noti zimepotea kweli. Inakuonyesha pa kuanzia kutafuta, haikupi hukumu. Mwalimu akisema alitoa 30,000 na aliyekaa karibu naye anakubali, uache mstari ulivyo. Andika chini ya jumla: «Franka zilizohesabiwa 48,000, pungufu 27,000», tarehe, na sahihi za wale waliohesabu. Usipunguze mstari wa mtu ili ukurasa ulingane na kasha. Mtu huyo siku moja ataomba kuona jina lake.

Sifuri zinatusumbua zaidi sisi wa huku kwa sababu tarakimu za franka ni ndefu. Mwingine anatia nukta katikati, mwingine mkato, mwingine hatii kitu. Chagua alama moja kwa kaye nzima. Baada ya kila kiasi funga kwa kistari ili mtu asiongeze tarakimu. Kwa kiasi kikubwa andika pia kwa maneno: «elfu arobaini». Tumia biki, si penseli. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, andika kiasi kinachotakiwa juu yake, weka sahihi yako. Korekta nyeupe isiguse kaye ya michango hata mara moja.

Ulinieleza kwamba wewe ndiwe uliyeandika, na nadhani uliandika kwa kumsikiliza mshereheshaji. Mara ijayo gawanyeni kazi. Mshereheshaji anatangaza, wewe unaandika safu ya Ahadi tu. Mtunza fedha anapokea mkononi, anatazama noti, kisha anakutamkia kiasi, na hapo ndipo unapojaza Imelipwa. Aliyetangazwa 50 akampa mtunza fedha 20, wewe unaandika 50 kushoto na 20 katikati, na 30 inajitokeza yenyewe. Kutazama noti ni kazi ya kweli: dola iliyochanika hata kidogo pembeni, sokoni wataikataa, na ukishaiandika kuwa imelipwa umeibeba wewe. Irudishwe palepale kwa heshima, na mstari ubaki kuwa ahadi mpaka noti nzuri ije. Kwa aliyetuma kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, andika Imelipwa baada ya ujumbe kuingia kwenye simu ya kamati, na uandike kiasi kilichoingia. Makato ya kutoa fedha hizo baadaye ni matumizi ya kamati. Usimpunguzie mchangiaji.

Kuna jambo linaloharibu kaye nzuri wiki mbili baada ya sherehe. Muuza makala analeta franka 10,000. Mkono wako unataka kwenda mstari wa 3, kufuta 5,000 na kuandika 15,000. Usifanye hivyo. Ukigusa mstari huo, jumla ya ukurasa ule imekufa, na zile sahihi za usiku wa sherehe zinashuhudia kitu kisichokuwepo tena. Orodha ya siku ya sherehe ifungwe usiku uleule: piga mistari miwili chini ya jumla, tarehe, sahihi yako, ya mtunza fedha na ya shahidi mmoja asiye wa kamati. Kuanzia hapo haiguswi.

Malipo yanayokuja baadaye yanakaa kwenye kurasa zake nyuma ya kaye, kwa mpangilio wa tarehe. Kila mara unaandika tarehe, namba ya mstari wa zamani, mabadiliko ya ahadi kama yapo, kiasi kilicholipwa, na sahihi ya aliyeleta. Namba ya mstari ndiyo kiungo. Pembeni mwa mstari wa zamani, nje ya safu, unaruhusiwa kuweka alama ndogo na namba ya ukurasa wa nyuma, ili anayemtafuta mtu ajue kuna mwendelezo.

Nisindikize na malipo matatu, kila moja lina ugumu wake.

La kwanza ni rahisi: mstari wa 3, franka 10,000. Hakuna mabadiliko ya ahadi. Anabaki na 5,000.

La pili, ile familia ya mstari wa 1 ilibaki na dola 30, lakini wameleta 40 kwa moyo wao. Ukiandika 40 bila kugusa ahadi, baki yao inakuwa 10 chini ya sifuri, na hiyo 10 itakwenda kimyakimya kufunika deni la kwaya, kama ilivyokuwa kwa mwalimu. Kwa hiyo andika kwanza nyongeza ya ahadi, dola 10, kisha malipo, dola 40. Deni lao linakuwa sifuri na hakuna mwingine anayefichwa.

La tatu ndilo linalogombanisha watu. Fundi magari aliahidi dola 20, amekuja na franka. Tuseme wabadilishaji fedha siku hiyo wanabadilisha dola moja kwa franka 2,800. Wengine wanaandika «dola 20» kwenye malipo kwa sababu ndivyo alivyoahidi, na jioni kasha linakosa dola 20 na kuzidi franka 56,000. Wengine wanaandika franka 56,000 kwenye malipo, na fundi anabaki akidaiwa dola 20 milele. Njia iliyo safi ni kubadilisha ahadi kabla ya kupokea fedha. Andika: mstari wa 4, ahadi ya dola imepungua 20, ahadi ya franka imeongezeka 56,000, bei 2,800, tarehe. Yeye na mtunza fedha watie sahihi. Kisha andika malipo ya franka 56,000. Bei ni ile ya siku anayoleta fedha, si ya siku ya sherehe, na iandikwe palepale. Akilipa sehemu tu kwa franka, badilisha sehemu hiyo tu ya ahadi, iliyobaki ikae kwenye dola.

Sasa tengeneza ukurasa wa muhtasari, mmoja tu, mbele ya kaye. Ahadi za dola zilikuwa 85, zimeongezeka 10, zimepungua 20, zinakuwa 75. Dola zilizolipwa zilikuwa 25, zimeongezeka 40, zinakuwa 65. Baki ni 10, na ukitazama mistari, anayebaki upande wa dola ni kwaya peke yake, dola 10. Upande wa franka, ahadi 105,000 na 56,000 ni 161,000. Zilizolipwa ni 75,000 na 10,000 na 56,000, jumla 141,000. Baki ni 20,000: za muuza makala 5,000, za mama wa genge 15,000. Mkutano ukitaka kujua jumla kwa fedha moja, geuza hapa tu, mara moja, chini kabisa ya muhtasari, ukiandika bei na tarehe. Na fundi wa paa akiuliza mna kiasi gani, mtajie 65 na 141,000. Mabati hayaagizwi kwa ile 75 na 161,000.

Aliyeahidi mifuko ya saruji au mabati asiingie kwenye safu hizi kabisa. Mpe ukurasa wake, na hesabu iwe ya mifuko na ya mabati, vilivyoahidiwa na vilivyofikishwa. Ukivipa bei na kuvijumlisha na fedha, kasha litadaiwa saruji.

Inabaki orodha ya Jumapili ambayo tayari imechanganyika. Usiichane wala usiiandike upya juu yake. Ibaki kama ilivyo, na chini yake andika fedha zilizohesabiwa, kwa dola na kwa franka. Kisha piga safu mpya kwenye kurasa safi, nakili majina kwa mpangilio uleule, na viasi vyote viweke kwanza kwenye Ahadi. Safu ya Imelipwa iache kwa penseli, hapa tu, kwa sababu bado unatafuta. Wewe na mtunza fedha, au bora wewe na mzazi mwingine ambaye watu wanamwamini, pitieni kwa kila mmoja nyumbani. Swali ni moja: «Siku ile ulitoa nini mkononi, noti zipi?» Usiingie na maneno ya deni. Mtu anayeulizwa deni anajitetea, anayeulizwa noti anakumbuka.

Jibu la kila mtu liandikwe na atie sahihi. Mkimaliza, jumlisheni majibu. Yakilingana na kasha, geuza penseli kuwa wino, funga ukurasa. Majibu yakiwa madogo kuliko kasha, kuna aliyesahau kwamba alitoa au kuna fedha za beseni zisizo na mstari. Fungua mstari wa «Zisizojulikana» pande zote mbili, Ahadi na Imelipwa, na mwenyewe akipatikana zihamishiwe kwake kwa maandishi. Majibu yakizidi kasha, fanya kwanza jaribio la 9. Likishindwa, andika pungufu hilo kwa wino, wazi, na lipelekwe mbele ya kamati nzima pamoja na mtunza fedha akiwepo. Hapo ndipo swali la kumhusu linapoweza kuulizwa kwa haki, kwa sababu litakuwa na kiasi kamili, na watu waliotaja noti zao kwa sahihi zao.

Kwenye mkutano wa wazazi soma jumla tatu za kila fedha, majina usiyasome. Mama wa genge aliyeahidi 15,000 mbele ya watu wote huenda soko halijamwendea vizuri tangu siku ile. Mwendee nyumbani, mwonyeshe mstari wake, muulize tarehe, na tarehe hiyo iandike pembeni, nje ya safu.